Fremu ipi utoe kwenye video: iliyotulia, ya ufunguo, au ile uliyoipenda?

Video ya dakika tatu iliyorekodiwa kwa fremu 30 kwa sekunde ina picha 5,400 ndani yake. Anayetafuta picha moja tu ya bango la kikundi cha ngoma, au ya bibi aliyefariki bila kuacha picha nyingine ya maana, hudhani kwa wingi huo hawezi kukosa. Ukizifungua moja moja ndipo unapoona nyingi hazifai. Mikono imeburuzika, uso umevutika pembeni, au paji la uso limegawanyika vimraba vimraba.

Kasoro hizo mbili hazina chanzo kimoja, na kuzitofautisha ndiyo kazi ya kwanza. Ukungu wa mwendo huzaliwa ndani ya kamera, shata ikiwa wazi huku mtu anasogea. Vimraba huzaliwa baadaye, video inapobanwa ili faili liwe dogo. Ukungu wa mwendo hautoki hata ukipata nakala bora kuliko zote, kwa sababu umo kwenye picha tangu iliporekodiwa. Vimraba mara nyingi vinatoka ukipata nakala nyingine ya video ileile. Kwa hiyo mtu anayesema tu "picha imepasuka" bado hajakuambia kama kuna tumaini.

Ikuze picha hadi asilimia 200 au 300 na utafute kitu kidogo chenye kung'aa. Kwenye mavazi ya ngoma za Kigogo shanga zinafaa sana. Kama mtu alikuwa anasogea, kila shanga imekuwa mstari mfupi, na mistari yote ya mkono huo inaelekea upande mmoja. Kama kamera ilikosa fokasi, shanga zimevimba kuwa duara, bila kuelekea popote. Kama ni mbano, utaona kingo zilizonyooka za wima na za mlalo ambazo hazifuati umbo la mwili: shavu linakatwa na mstari pasipo na mkunjo wowote. Kwenye video za H.264, mfumo wa kubana video ambao ndio mwingi kwenye zile tunazoletewa, picha hugawanywa katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, na ndani yake kuna mingine ya 8 au 4. Ndiyo maana kingo hizo zinajirudia kwa nafasi zilezile.

Nakala ya simu iliyorekodi, au iliyopita WhatsApp

Uamuzi huu una uzito kuliko mingine yote, kwa hiyo ufanye kabla hujaanza kuhangaika na fremu. Chukua ile video ya dakika tatu. Simu inayorekodi kwa pikseli 1920 kwa 1080, kwa H.264, inaweza kutumia karibu MB 130 kwa dakika, yaani MB 390 kwa video nzima. Gawanya kwa fremu 5,400 na kila fremu inapata wastani wa KB 72. Video hiyohiyo ikitumwa WhatsApp kama video ya kawaida na kufika ikiwa na MB 16, kila fremu imebaki na KB 3. Picha yenyewe nayo imepunguzwa. Faili la namna hii nililonalo hapa lina pikseli 848 kwa 478, karibu moja ya tano ya zile za mwanzo. Pikseli zimepungua mara tano lakini data imepungua mara 24, kwa hiyo hata kila pikseli iliyobaki inaishi kwa karibu moja ya tano ya data iliyokuwa nayo mwanzo. Pengo hilo ndilo linalojitokeza kama vimraba.

Aliyerekodi atakuambia hana bando la kutuma MB 390, na ni kweli. Mwombe akate sekunde 10 tu kwenye galari ya simu yake, zile zenye tukio unalolitaka, kisha azitume kwa njia ya kutuma nyaraka badala ya kutuma video. Ikipita huko haibanwi. Kuna kipimo rahisi cha kujua kama kukata kwenyewe hakukuibana: kwa hesabu ya MB 130 kwa dakika, sekunde 10 zinapaswa kuwa karibu MB 22. Likija faili la MB 5, simu imeibana upya kwa mbano mkubwa zaidi, na ni heri akuletee simu yenyewe na waya.

Nakala iliyopakuliwa mtandaoni inakaa katikati ya hizo mbili. Imebanwa upya, ila pikseli zake zinaweza kuwa kamili. Itumie pale tu ambapo mwenye faili la mwanzo hapatikani.

Jua la mchana, au taa za ukumbini

Mahali video iliporekodiwa panakuambia ni kasoro ipi utakayopambana nayo. Mkono wa mpiga ngoma unaokwenda juu na chini sentimita 30, mara tatu kwa sekunde, unafika kasi ya karibu mita 3 kwa sekunde ukiwa katikati ya njia. Shata ikiwa 1/50 ya sekunde, mkono unasogea sentimita 6 ndani ya fremu moja. Kama upana wa picha umechukua mita 4 za uwanja, sentimita 6 hizo ni pikseli 28 au 29, na vidole havionekani kabisa. Shata ikiwa 1/500 ni pikseli 3 tu, na kwenye chapa ndogo hakuna atakayeziona.

Simu nyingi hazina mlango wa lenzi wa kufungua na kufunga kama kamera kubwa, kwa hiyo kwenye jua kali la Dodoma zinalazimika kufupisha shata zenyewe, mara nyingi hadi 1/1000 au fupi zaidi. Video ya mchana kijijini ina ukungu mdogo sana wa mwendo. Adui wake ni vimraba, na hapa kuna jambo la kwetu ambalo watu hawalitazami. Nyasi kavu zinazopepea, vumbi linaloinuliwa na miguu na majani madogo ya miti nyuma ya wachezaji vyote vina vijipande vingi vinavyobadilika kila fremu. Enkoda, yaani programu inayobana video, inagawa data kwa picha nzima, na nyasi zinakula sehemu kubwa kuliko uso wa mama anayeimba. Ukiwa na fremu mbili zinazolingana, chagua ile ambayo nyuma ya mtu kuna ukuta au anga, na kamera imetulia. Kamera ikizungushwa kufuata wachezaji, picha nzima inakuwa mpya na vimraba vinafurika kila mahali.

Ukumbini usiku mambo yanageuka. Mpiga video wa harusi huweka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, kwa sababu umeme wetu ni wa hezi 50 na shata hiyo inazuia mistari ya taa kutembea kwenye picha. Hata kichwa kinachogeuka polepole, nusu mita kwa sekunde, kinasogea sentimita moja ndani ya fremu hiyo. Hapo usitafute tena fremu nzuri wakati watu wanacheza. Tafuta pale wanapongojea: bibi harusi anamsikiliza MC, wazazi wamesimama kupokea zawadi. Epuka pia fremu zilizopigwa flashi ya mpiga picha mwingine. Picha nzima inabadilika ghafla kuwa nyeupe, enkoda haina cha kurithi kutoka fremu iliyotangulia, na ile inayofuata flashi huwa chafu vilevile.

Fremu nne za sekunde moja

Hapa ndipo watu wengi huchagua kwa macho ya kwanza wakakosa, nami nitakaa kidogo. Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha Chamwino alikuja na video ya muheme, ile ngoma ambayo wanawake wa Kigogo huipiga wakiwa wameibana katikati ya mapaja.

"Shikamoo mama. Unataka ipi hasa?"

"Marahaba mwanangu. Nataka pale nimeinua mikono, nimecheka. Isiwe ile ya kuinama."

Pale alipopataja, kiongozi anamaliza kuita, naye mama anainua uso na mikono kabla ya kuanza kupiga tena. Nilitoa sekunde mbili zote kuzunguka hapo, fremu 60, nikabaki na nne za kushindanisha. Kwanza kwenye nakala ya WhatsApp:

| Fremu | Mikono | Uso | Vimraba |
|---|---|---|---|
| 14 | inapanda, imeburuzika kidogo | unainuka bado | vingi usoni na kwenye vumbi |
| 22 | juu kabisa, imesimama | umetulia sasa hivi | vinaonekana paji la uso na shingoni |
| 25 | inaanza kushuka | umetulia, anacheka | vichache, shingoni tu |
| 31 | imeshashuka kwenye ngoma | anainama | karibu hakuna, ni fremu ya ufunguo, iliyohifadhiwa nzima |

Macho ya kwanza yanachagua 22, kwa kuwa mikono iko juu na hakuna kilichoburuzika. Ila ikikuzwa, paji la uso lina ngazi. Sababu yake ni kwamba fremu nyingi kwenye video hazihifadhiwi nzima. Zinajengwa kutoka fremu iliyotangulia, kwa kusema nini kimehama na nini kimebadilika. Wakati uso unainuka, enkoda ilikuwa na mengi ya kueleza na data kidogo, ikaacha makosa. Uso ulipotulia kwenye fremu ya 22, makosa hayo yalirithiwa kama yalivyo. Fremu za 23, 24 na 25 hazikuwa na mwendo mwingi wa kueleza, kwa hiyo data ikapatikana ya kusafisha yaliyorithiwa. Mwendo unaisha kwanza, vimraba vinafuata nyuma yake kwa fremu mbili hadi tano. Kwenye nakala iliyobanwa sana, fremu bora haipo pale mtu anapotulia, ipo mbele kidogo ya hapo, kabla hajaanza kusogea tena.

Kwa hiyo kwenye nakala ya WhatsApp nilichagua 25. Mikono yake imeshuka kidogo na ina ukungu mdogo, uso ni safi.

Baada ya kupata sekunde 10 kutoka kwa kijana aliyerekodi, nililinganisha upya fremu zilezile. Sasa 22 ilikuwa safi kuanzia paji la uso hadi shanga za shingoni, kwa sababu KB 72 kwa fremu zinatosha kueleza mwendo ule bila kuacha makosa ya kuonekana. Jibu likageuka kuwa 22, mikono ikiwa juu kama mama alivyotaka. Ndiyo maana sipendi kuchagua fremu kabla sijaijua nakala. Tukio ni lilelile, nakala mbili, na kila moja ina fremu yake bora.

Fremu ya ufunguo: lini uiamini

Fremu ya ufunguo ni ile iliyohifadhiwa nzima, haitegemei iliyotangulia. Simu nyingi huweka moja kila sekunde. Kuna ushauri unaozunguka kwamba uchukue hizo tu, na kwa video iliyobanwa sana una ukweli ndani yake, maana enkoda nyingi huzipa data zaidi kuliko majirani zake. Lakini fremu ya ufunguo inaangukia pale saa inapofika. Haijui kama mtu amefumba macho. Hiyo 31 kwenye jedwali ni safi kabisa na haimfai mama kwa lolote.

Pia si kila enkoda huzipendelea. Itazame ardhi au ukuta nyuma ya watu video ikicheza polepole. Utaona kila baada ya muda chembechembe zake zinabadilika kwa mkupuo, kama pumzi. Hapo ndipo fremu ya ufunguo ilipo. Ikiwa baada ya mkupuo ukuta unakuwa na vijipande vingi zaidi, fremu ya ufunguo ni bora kuliko zilizotangulia. Ikiwa unakuwa laini na kupoteza vijipande, basi fremu za mwisho kabla ya mkupuo ndizo bora, kwa kuwa zilikuwa zimeshasafishwa kwa sekunde nzima. Na iwapo fremu ya ufunguo imewekwa kwa sababu mhariri alikata kutoka tukio moja hadi jingine, iruke. Kwenye video yenye data kidogo, mwanzo wa tukio jipya huwa mchafu na husafika polepole, kwa hiyo sogea mbele angalau nusu sekunde.

Kwenye nakala ya mwanzo yenye data ya kutosha, usihangaike na aina ya fremu. Tazama mwendo na sura tu.

Skrinishoti ya simu, VLC, au ffmpeg

Skrinishoti ya simu ni nyepesi, na ndiyo inayoharibu zaidi. Inapiga kioo, haipigi video. Kwenye simu yenye kioo cha pikseli 720 kwa 1600 iliyoshikwa wima, video ya mlalo inaonyeshwa kwa pikseli 720 kwa 405, yaani moja ya saba ya pikseli za 1920 kwa 1080. Ukiilaza simu unapata 1280 kwa 720, chini ya nusu. Tatizo la pili limejificha. Unapoburuza kidole kwenye mstari wa muda, vichezeo vingi hurukia fremu ya ufunguo iliyo karibu. Kwa video yetu unajiona unachagua kati ya picha 5,400, kumbe unaonyeshwa zipatazo 180.

VLC, kichezeo cha video cha kwenye kompyuta, inamfaa mtu wa picha moja moja. Simamisha video, bonyeza E kusogea fremu moja mbele, na Shift+S kuhifadhi kwa pikseli kamili za video. Hairudi nyuma fremu moja, kwa hiyo anza sekunde moja kabla ya tukio. Kagua kwenye mipangilio ya video kwamba inahifadhi PNG. JPEG inabana tena juu ya mbano uliopo.

Mimi hutumia ffmpeg, programu inayoendeshwa kwa amri za maandishi, kwa sababu kulinganisha kunahitaji fremu zote zikae mezani kwa pamoja:

```
ffmpeg -ss 00:01:11 -i muheme.mp4 -t 2 -fps_mode passthrough fremu_%03d.png
```

Hiyo inaanza dakika ya 1 na sekunde 11, inatoa sekunde mbili, kila fremu kwenye faili lake. Toleo la zamani likikataa `-fps_mode passthrough`, andika `-vsync 0` mahali pake. Fremu 60 za PNG huchukua zaidi ya MB 100 kwa urahisi, kwa hiyo usiielekeze kwenye video nzima. Ukitaka kuziona fremu za ufunguo peke yake, ni hii:

```
ffmpeg -skip_frame nokey -i muheme.mp4 -fps_mode passthrough ufunguo_%03d.png
```

Baada ya kutoa, zifungue kwa ukubwa wa ikoni kubwa, futa zenye macho yaliyofumba, kisha kuza zilizobaki usoni tu.

Ukilazimika kuchukua moja kati ya kasoro mbili

Nakala bora ikikosekana, utabaki na fremu yenye ukungu kidogo na nyingine yenye vimraba. Ninaangalia kasoro imekaa wapi. Ukungu kwenye mikono ya mpiga ngoma hauniumizi, mtazamaji anaelewa mkono unapiga. Vimraba usoni sivikubali hata kidogo. Kasoro zote mbili zikiwa usoni, nachukua ukungu, mradi haujazidi pikseli nne au tano kwenye picha ya 1920. Ukungu mdogo hupungua ukichapa ndogo na bado uso unabaki uso. Vimraba navyo hupungua, lakini mtu wa mashine ya kuchapa akiongeza ukali wa picha, kila kingo ya mraba inapata mstari mweusi na uso unaharibika zaidi ya ulivyokuja. Kama fremu yako ina vimraba, mwambie wazi asiongeze ukali.

Ukubwa wa chapa nao uamue mapema. Kwa nukta 300 kwa inchi, fremu ya pikseli 1920 inatoa upana wa sentimita 16, inayokaribia kutosha picha ya kawaida ya 10 kwa 15. Ile ya 848 inatoa sentimita 7, ukubwa wa picha ndogo ya kwenye kadi. Bango linatazamwa kwa mbali, nukta 50 kwa inchi zinavumilika, na hapo 1920 inafika karibu sentimita 97. Bango la mama wa Chamwino lilitakiwa upana wa karibu mita moja. Kwa fremu ya 22 kutoka nakala ya mwanzo, lilifika. Kwa ile ya WhatsApp lingeishia sentimita 43.